Kichwa cha Tangazo Nilichokikosea

Shukrani zote ni za Mola aliyenipa uhai mrefu kuliko nilivyostahili, na akanipa macho ya kusoma hata maandishi madogo ya simu.

Binti yangu anauza simu zilizotumika. Amekodi nusu ya kabati la kioo ghorofani, River Road, lakini wateja wake wengi huwapata kwenye tovuti ya matangazo. Mwaka huu mteja mmoja alimlalamikia: kichwa cha tangazo kilisema "kama mpya", kumbe skrini ilikuwa imebadilishwa. Tovuti ikamwonya kwamba lalamiko jingine likithibitishwa, akaunti itafungwa, na sifa alizoandikiwa na wateja kwa miaka mitatu zipotee nayo. Hakulala vizuri tena. Nikamwambia, nipe mimi kazi ya vichwa. Nimefundisha watoto madrasa miaka mingi mambo ya kipimo na mizani. Nitashindwaje na mstari mmoja?

Basi kila asubuhi natoka nyumbani Mountain View, nakaa nyuma ya kabati na kuandika: aina ya simu, memori, hali yake, bei. Naandika "kioo kina mkwaruzo pembeni." Naandika "betri haimalizi siku."

"Baba, utanifilisi na hiyo mikwaruzo yako," binti hunitania.

Jumatatu moja niliandika: "Galaxy A12, 128GB, kifuniko kimechubuka, 9,500." Kesho yake akapiga mama mmoja, mpishi wa nyumba moja huko Loresho. Simu yake ilikuwa imevunjika, akaazima ya mlinzi wa getini. "Nataka hiyo ya 128, baba. Mtoto anaanza chuo, masomo yote ni video. Leo ndiyo siku yangu ya mapumziko." Nikamwelekeza ngazi, nikamwombea safari njema.

Binti akaitoa simu kumwandalia. Ana desturi ya kutoa laini na kadi kabla ya kuuza, asiuze picha za watu. Akachomoa kadi ya memori, akafungua mipangilio, akanitazama.

"Baba, hii ni 64."

Nilikuwa nimeona mistari miwili, simu 64 na kadi 64, nikaijumlisha kama mtu anayehesabu magunia. Damu ikanipanda usoni. Nikapiga ile namba. Mlinzi akasema mama ameshaondoka. Nikasahihisha kichwa, tovuti ikajibu kwamba badiliko linasubiri kukaguliwa. Maneno yangu ya uongo yakabaki pale, yakisomwa na kila mtu.

Kijana wa kabati la jirani alikuwa anasikiliza. "Mzee, rudisha hiyo kadi. Ataona 128 imetimia, atafurahi, ataenda zake."

"Na akiitoa?" nikamuuliza.

"Akiitoa atakuwa ashafika Loresho."

Binti hakucheka. Alinitazama mimi, si yule kijana, na nikajua anangoja niseme. Nikasema hapana. Kisha sikuweza kukaa. Nikaenda hadi penye ngazi, nikarudi, nikaenda tena. Adhuhuri ilipofika niliswali kwenye kona ya stoo, na hata katika kusujudu masikio yangu yalikuwa ngazini. Mola anisamehe.

Yule mama alifika akihema, mkoba ameubana kwapani. Sikumngoja aketi.

"Mama, nimekukosea. Simu ni 64. Nilijumlisha na kadi. Si binti yangu, ni mimi."

Akapasuka kwa hasira. "Mzee mzima! Nimepanda gari mbili, nimepoteza siku yangu ya ofu, ndiyo unaniambia hapa? Si ungesema kwa simu?"

"Nilipiga. Ulikuwa umeshatoka."

"Nitawaandika huko kwa tovuti. Wote wajue."

"Ni haki yako," nikasema. Binti akafumba macho. Nikampa nauli kutoka mfuko wangu. Akaipokea bila kunitazama, akashuka ngazi.

Siku ile na iliyofuata binti alifungua ukurasa wake labda mara mia. Nami nilikuwa nikiuliza, "Bado?" hadi akanikataza kuuliza. Siku ya tatu yakatokea maneno ya yule mama, nyota tatu kati ya tano: "Kichwa kilikuwa na makosa, nimepoteza siku. Lakini mzee aliniambia kabla sijatoa pesa. Sikununua."

Tovuti haikuyahesabu kuwa lalamiko. Binti aliyasoma mara mbili kwa sauti, akavuta kiti karibu nami. "Sasa kila simu, kadi inatoka kwanza, ndiyo unaandika. Sawa, Baba?"

"Sawa, mama."

Nawe unayesoma, Mola akubariki katika unachouza na unachonunua, na ukikosea, akupe ulimi wa kusema mapema na akukutanishe na mtu mwenye huruma.