Vituo kumi na vinne

Mradi wetu wa maji ulipofungwa, nilirudi nyumbani Kahororo, Bukoba, na boksi moja la vitu vya ofisini, nikaanza kutafuta kazi kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Mume wangu anafundisha sekondari. Aliniachia meza anayosahihishia madaftari, na asubuhi, watoto wakishaondoka, nilikaa hapo na kompyuta yangu nikiandika wasifu wangu wa kazi.

Nilidhani ingekuwa shughuli ya siku moja. Nilikuwa nimesimamia sehemu ya Muleba ya mradi ule tangu ulipoanza hadi ulipoisha. Lakini kila sentensi niliyoiandika ilinigeukia. Niliandika, "Nilisimamia bajeti ya shilingi bilioni mbili," nikaitazama, nikaifuta. Bilioni mbili ilikuwa ya mradi mzima, mikoa miwili. Yangu ilikuwa milioni mia saba, tena malipo yaliyozidi milioni tano yalikuwa yanasainiwa na mkurugenzi Dar es Salaam. Basi nikaandika hivyo hivyo: ukubwa wa mradi, sehemu yangu, na mwisho wa mamlaka yangu.

Kwenye timu niliandika watu saba, kwa sababu ndio walioripoti kwangu. Mafundi wa mkandarasi walikuwa wengi, lakini hawakuwa wangu. Waliongozwa na mkandarasi, na aliyewakagua ni mhandisi wetu. Kwenye wadau niliandika ofisi ya maji ya wilaya, serikali za vijiji, kamati za watumiaji maji na wafadhili, na mbele ya kila mmoja nikaeleza nilichofanya naye hasa. Wafadhili, kwa mfano, sikuwa nazungumza nao mimi. Niliwaandalia taarifa na kuwatembeza walipokuja.

Kisha nikafika kwenye kazi iliyokamilika, na hapo nilikaa muda mrefu.

Tulipanga vituo ishirini vya kuchotea maji. Tulimaliza kumi na vinne. Sita vilivyobaki vilikuwa upande wa Ngenge, kule chini kwenye nyasi na ng'ombe, ambako maji yalihitajika kuliko kwingine kote. Visima viwili vilichimbwa vikatoka vikavu. Vinne havikuguswa, maana bei ya mabomba ilikuwa imepanda na fedha ikaisha. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati, alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, akiniita kwa heshima ya Kihaya, "Sawa, waitu. Tutaendelea na bwawa." Ningefurahi kama angenitukana.

Niliandika: vituo kumi na vinne kati ya ishirini, na sababu.

Mhandisi wetu, yule aliyesimamia uchimbaji, alikuwa rafiki yangu. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu wa mwisho. Yeye naye alikuwa hana kazi, na mkewe alikuwa karibu kujifungua. Tulikutana kwenye steshenari moja pale Rwamishenye, sote tumekwenda kuchapisha maombi ya kazi ile ile: shirika lilikuwa linatafuta meneja wa mradi wa maji, ofisi yake Bukoba. Nilimpa karatasi zangu azisome. Alisoma akiwa amesimama, huku mashine ikiendelea kutema karatasi za watu wengine.

"Dada, unajichongea," alisema.

"Kivipi?"

"Hapa umeandika mpaka kiwango cha kusaini. Nani amekuuliza? Na hivi kumi na vinne kati ya ishirini. Mtu anayesoma ataona nini? Ataona sita."

"Sita vilibaki, kaka. Mimi na wewe tunavijua."

"Tunavijua mimi na wewe," alisema, akanirudishia.

Sikuomba kuuona wasifu wake. Kwa adabu tu. Niliona si vizuri kuchungulia.

Tuliitwa wote kwenye usaili, siku tofauti. Wasaili walikuwa watatu, na aliyeongoza alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kamba. Alikuwa amesoma wasifu wangu vizuri, nilimwona amepiga mistari kwa penseli. Aliniuliza tulivyogawana kazi na mkandarasi, nikamweleza. Aliniuliza nilifanya nini wanakijiji wawili walipogombania mahali pa kuweka kituo, nikamweleza. Nilianza kujisikia vizuri. Kisha akavuta kitabu chenye jalada gumu, nikatambua nembo ya mradi wetu juu yake kabla hajakifungua. Ilikuwa taarifa ya mwisho ya mradi wetu, ile iliyoandikwa makao makuu.

"Hapa wanasema vituo ishirini vimekamilika," alisema. "Wewe unasema kumi na vinne."

Taarifa ile sikuwa nimeiona. Nilipeleka ya kwangu Dar, yenye vituo kumi na vinne, na nikaamini imeingia ilivyo.

"Vilivyokamilika ni kumi na vinne, mama. Nilivikabidhi mwenyewe kwa vijiji."

"Na kuna mwombaji mwingine, wa mradi huo huo. Yeye ameandika ishirini. Ameandika pia kwamba alikuwa meneja mwenza wa Muleba, bajeti yote ya bilioni mbili." Hakumtaja, lakini haikuwa lazima. "Sasa taarifa inakubaliana naye. Wewe ndiye uko peke yako."

"Mtu anaweza kwenda Ngenge akaona."

Mzee aliyekaa kushoto kwake alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Dada yangu, tunaajiri meneja. Hatufanyi ukaguzi."

"Mdhamini wako wa kwanza ni mkurugenzi wa mradi," yule mama alisema. "Tumempigia. Anasema taarifa ndiyo kauli yake."

Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu mwenye kinyongo na mwajiri wake wa zamani. Nilitoka nikiwa nimesema kweli tupu kwa nusu saa, na hakuna aliyeniamini.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa rafiki yangu. Mkewe alinikaribisha kwa furaha, akaniwekea ndizi na maharage mezani, na kwa heshima yake nikala kwanza. Aliporudi jikoni ndipo nilipomwambia mumewe.

"Wapigie. Waambie ni kumi na vinne. Sisemi useme lingine lolote. Hilo tu."

Alitazama mlango wa jikoni.

"Nikisema kumi na vinne, dada, nitakuwa nimesema wasifu wangu ni uongo. Wote. Watauliza na umeneja mwenza."

"Kwa nini uliandika hivyo? Wewe ni mhandisi. Kila kisima chenye maji kule ni mkono wako. Mimi niliandika hivyo kwenye wasifu wangu, kwamba uchimbaji na ubora wake ni kazi ya mhandisi."

"Hakuna tangazo la mhandisi," alisema. "Lipo la meneja."

Nilimwita mkewe, nikaaga.

Yeye ndiye aliyepata kazi. Nilisikia kanisani, kwa watu waliokuwa wanampongeza. Nami nilimpongeza, nikamshika mkono, na mtoto wangu akamrukia baba yake wa ubatizo kama kawaida.

Simu zilianza baada ya mwezi hivi. Kwanza alikuwa anauliza kidogo kidogo. Anajazaje fomu ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine? Je, aandike fedha iliyokwisha kutumika tu, au pia ile ambayo mkataba wake umeshasainiwa lakini haijalipwa? Nilimweleza kwamba zote mbili ziandikwe, kila moja mahali pake, la sivyo ataona salio ambalo kumbe lina mwenyewe. Alinishukuru. Mume wangu alinitazama tu nikizungumza.

"Unamfanyia kazi yake," alisema nilipokata.

"Nifanyeje?"

"Sijui. Nasema tu ninachokiona."

Kisha simu zikawa za hofu. Aliona salio, kama nilivyomwonya, akaagiza pampu kwa fedha ambayo tayari ilikuwa ya mkandarasi. Mkandarasi akasimamisha kazi. Wafadhili, ambao sasa alitakiwa kuzungumza nao yeye mwenyewe, walimtaka aeleze kwenye kikao cha mtandao, na aliniambia alijisikia ulimi umekuwa mzito, Kiingereza chote kimemtoka. Mtu ambaye ukimpeleka porini anakuonyesha pa kuchimba, akaonekana mjinga mbele ya watu waliokuwa wanamwona kwa mara ya kwanza.

Muda wa majaribio ulipoisha hawakumthibitisha.

Nilidhani huenda sasa watanikumbuka. Naona aibu kulisema, lakini nililidhani, na nikampigia yule mama aliyeongoza usaili. Alinijibu kwa upole.

"Nilikuamini siku ile," alisema. "Nataka ulijue hilo. Lakini wawili kati ya watatu hawakukuamini. Na sasa wakubwa wamesema tusichukue tena mtu yeyote kutoka kwenye mradi ule. Wote mmewekwa kapu moja."

Nilimshukuru. Nilikaa na simu mkononi mezani pale kwa mume wangu, mvua ikipiga bati, nikashindwa hata kulia.

Rafiki yangu hakupiga tena. Nilipokwenda kwake, mkewe alitoka na mtoto mchanga mgongoni, akasimama mlangoni. Hakunikaribisha.

"Ameenda Geita," alisema. "Kuna wenye mashimo ya dhahabu wanatafuta mtu wa kuendesha mashine."

"Mhandisi mzima?"

"Anasema huko hawaulizi karatasi." Alimweka vizuri mtoto mgongoni, kisha akasema bila kunitazama, "Alisema ungekubali kuandika ishirini, mngekuwa mmepata wote. Wewe meneja, yeye chini yako. Kama zamani."

Nilitaka kumwambia haikuwa hivyo, nafasi ilikuwa moja, na mumewe hakuwahi kuniomba tuombe pamoja. Lakini alikuwa amechoka, macho yamemwiva, na nilijua anahitaji kuwa na wa kumlaumu. Nilimwachia sukari na sabuni nilizomletea. Alizipokea.

Wasifu wangu sijaubadilisha. Si kwa ushujaa, nimejaribu. Nimewahi kuandika ishirini, nikaiona pale kwenye kioo cha kompyuta, nikamwona yule mwenyekiti wa kamati akisema wataendelea na bwawa. Nikafuta. Natuma maombi Bukoba, Mwanza, Kigoma. Mara nyingi hawajibu. Mara moja walijibu, wakaniuliza kwa barua pepe kwa nini taarifa ya mradi inatofautiana na maelezo yangu, nikawaandikia ukurasa mzima. Hawakuandika tena. Siku hizi nafundisha tuisheni ya hesabu watoto wa majirani, na mume wangu amerudishiwa meza yake.