Mbao ya Kwaya

Kila Jumamosi saa kumi, kamati ya kanisa ilikuja kubomoa kazi yangu huku ikitabasamu.

Tulikuwa tunajenga kanisa letu wenyewe pale Kwa Vonza, mimi na mzee aliyenifundisha uashi. Kuta zilikuwa zimesimama, mabati yako juu, lakini ndani hakukuwa na kiti hata kimoja, na washirika walikuwa wameshaanza kuabudu humo. Basi mtu mmoja wa kamati, anayejiona ana akili kuliko sisi wote, akalitazama jukwaa letu, lile la miti na mbao tunalosimama juu yake kazi ikipanda, akaona viti. Mbao zikashushwa, zikawekwa juu ya bloku huku na huku, kwaya ikakaa. Jumatatu asubuhi tukazikuta zimerudishwa juu, ati tayari.

Zimerudishwa na nani? Na mashemasi! Watu ambao kazi yao ni kupitisha kapu la sadaka. Mmoja ni muuza mbuzi, mwingine ana duka la dawa za mifugo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda juu ya kitu kirefu kuliko kitanda chake.

Mimi hasira zangu haziko mbali, na siombi msamaha. Mwanamke akiwa fundi huku kwetu lazima awe na mdomo, la sivyo atabebeshwa karai mpaka azeeke. Nilimfuata mwenyekiti wa kamati hadi chini ya mabati, mbele ya watu.

"Mwenyekiti, hizi si viti. Hapa juu ndipo tunaposimama."

"Fundi, punguza moto," akasema. "Hii ni nyumba ya Bwana. Bwana atawalinda."

"Bwana hakuzifunga hizi kamba. Nilizifunga mimi."

Akacheka. Akaniambia niendelee na kazi njema, Bwana anibariki. Wallahi, kuna baraka zinazoudhi kuliko matusi, na ninasema hivyo nikiwa Mkristo wa kubatizwa.

Mzee wangu hakuwa mtu wa kelele. Kila Jumatatu, kabla ya kuchanganya simiti, tulishusha mbao zote tena, moja moja. Tuliiweka mbao juu ya bloku mbili, karibu na ardhi, mmoja wetu akasimama katikati na kuinesesha kwa miguu, mwingine akichungulia chini. Halafu tukaigeuza, tukaangalia upande wa pili. Mbao inapobeba uzito, upande wa chini ndio unaovutwa, kwa hivyo hufunguka kuanzia huko. Juu unaweza kuona mbao safi kabisa, na chini imeshaachana. Mzee alinifundisha hayo zamani, tukijenga shule upande wa Makueni, pamoja na jambo moja alilolirudia mpaka nikachoka: mbao ikipasuka, ikate katikati palepale. Ukiiacha nzima, kuna mtu ataiokota.

Baada ya hapo tulizipandisha na kuzipanga upya. Kila mbao ilikaa juu ya miti ya kulalia mitatu au minne, futi nne hivi kati ya mti na mti. Mwisho wake ulipita mti wa mwisho kwa shubiri moja, si zaidi, maana ukikanyaga mwisho mrefu usio na kitu chini yake, mbao inabinuka na wewe unaenda nayo. Tukafunga. Tukaweka mti wa kiunoni upande wa nje, wa kukuzuia usirudi nyuma hewani. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo, na kamati ikanung'unika kwamba mafundi wetu ni wavivu, tangu asubuhi wanachezea mbao.

Ndipo askofu akatangazwa. Angekuja kufungua kanisa baada ya wiki mbili, na ukuta wa mbele, ile pembe tatu iliyo chini ya mabati, ulikuwa bado haujapigwa plasta. Mwenyekiti akaanza kutufuata mpaka chooni. Mafundi, askofu! Mafundi, siku zinaisha!

Jumapili ile nilikuwa kwenye kwaya. Ninaimba sauti ya pili, na sauti yangu si mbaya. Wanawake wanane tulikaa kwenye mbao moja iliyokuwa imeegeshwa kwenye bloku mbili tu, moja kila mwisho, katikati hewa tupu. Tukamaliza wimbo wa pili, tukakaa wote kwa pamoja. Kaa! ikalia mbao chini yetu. Aiya, tuliruka! Mama mmoja akamgeukia mwenzake mnene, akamwambia, "Dada, chapati zimekushtaki." Kanisa lote likacheka. Nami nilicheka, tena sana. Tukasogea, tukabanana kwenye mbao nyingine, na mhubiri akaendelea.

Sikuchungulia chini ya ile mbao. Nilikuwa na gauni la kwaya, na nani apige magoti mbele ya watu? Nikajiambia, kesho nitaitoa.

Kesho yake lori la mchanga lilifika kabla sijavaa viatu vya kazi. Nikasimama langoni na dereva. Alikuwa ameleta mchanga wenye udongo mwingi, ukiufikicha mkononi unabaki mwekundu, nami nikamwambia huo aupeleke kwa mama yake. Tukagombana vizuri, karibu saa nzima. Nilisikia sepetu ikigonga karai kwa ndani, nikajua mzee ameanza. Nikajua pia kwamba hatujazishusha mbao. Nikajiambia amezishusha mwenyewe, na nikaendelea kugombana.

Sauti niliyoisikia baadaye ilikuwa ileile ya Jumapili. Kaa. Kisha kishindo.

Alikuwa ameanguka futi kumi na mbili, juu ya kokoto. Mbao ilikuwa vipande viwili, kimoja bado kinaning'inia juu. Nilitazama upande wa nje wa jukwaa, mahali pa mti wa kiunoni. Haukuwepo. Walikuwa wameuchukua Jumamosi kutundikia kitambaa cha KARIBU ASKOFU, na bado ulikuwa pale mbele, kitambaa kinapepea. Mtu anayeanguka hunyoosha mkono. Mzee aliunyoosha, na hapakuwa na kitu.

Watu wakaja mbio. Wawili wakamshika mikono, wawili miguu, wamwinue kama gunia la mbaazi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mwacheni! Msimkunje! Hamjui mgongo uko vipi!" Nikaenda kuleta mlango uliokuwa bado haujapachikwa, tukamtelezesha juu yake polepole, shingo na mgongo vimenyooka, mimi nimeshika kichwa. Tukampakia kwenye pikapu hivyohivyo hadi hospitali mjini Kitui. Njia nzima hakulalamika. Aliniuliza tu kama plasta iliyobaki kwenye karai imefunikwa.

Nyonga ilikuwa imevunjika, na visigino vyote viwili. Mgongo ulisalimika. Daktari alisema atatembea, kwa mkongojo, pengine bila mkongojo baadaye. Kupanda, hapana. Mtu ambaye tangu ujana wake amekula kwa kupanda! Mke wake alikuwa amesimama kando ya kitanda, ananitazama mimi wala si daktari.

Katikati ya wiki kamati ikaja kunipa pole nyumbani. Mwenyekiti akasema huyu ni shetani, anapinga kazi ya Bwana. Nikamwuliza kama ni shetani aliyeteremsha mbao Jumamosi, au ni shemasi mwenye duka la dawa. Akasema nina uchungu, na uchungu unaeleweka. Nikawaonyesha mlango, na chai wakaiacha mezani.

Nilidhani wameelewa. Haki ya nani, nilidhani hivyo.

Jumapili iliyofuata, askofu bado hajafika, nikaingia kanisani, na kwaya imekaa. Juu ya nini? Juu ya mbao zilezile! Zilizobaki. Wamezishusha tena, wamezipanga juu ya bloku, na mhubiri anamwombea mzee wetu aliye hospitalini, watu wamefumba macho.

Sikufumba. Nikaenda stoo nikachukua msumeno, nikarudi mpaka mbele.

"Simameni," nikasema.

Maombi yakakatika. Mwenyekiti akanyanyuka. "Dada, hapa ni kanisani."

"Najua. Nimelijenga. Simameni!"

Wakasimama. Nikazigeuza mbao moja moja, na gauni langu la kwaya likajaa vumbi, sikujali. Ya nne ilikuwa na ufa chini, umeanzia kwenye jicho la mti, unaingia kidole cha mtoto. Nikaipigia goti, nikaikata katikati mbele ya madhabahu. Msumeno haukuwa mkali, kwa hivyo ilichukua muda. Mtu akaanzisha wimbo ili kunifunika, nami nikaendelea kukata ndani ya wimbo. Walioimba walinitazama kana kwamba nakata kitu chao. Nilipomaliza nikabeba mbao nzima zote nje, nikazifungia stoo, ufunguo nikautia mfukoni. Ibada iliisha watu wamesimama. Mpaka leo kuna wasionisalimia, na kwangu ni sawa tu.

Kutoka pale nikaenda hospitalini moja kwa moja, na vumbi langu. Nilikuwa nimejaa maneno ya kumpa mzee: kamati hivi, mashemasi vile, mwenyekiti na shetani wake, ufa wa leo. Nikayasema yote. Alinisikiliza macho yako darini. Kisha maneno yakaniishia, likabaki moja tu, lile nililokuwa nimelizungukazunguka wiki nzima.

"Mzee," nikasema, "ile mbao niliisikia ikipasuka. Jumapili ile. Nilikuwa nimeikalia."

Akayatoa macho darini, akanitazama.

"Hata mimi niliisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma yenu. Nikasema, huyu ni fundi wangu, nimemfundisha mwenyewe, na imepasukia chini yake. Hiyo ameshaitoa."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuwatosha kamati nzima, na sikujua tena niiweke wapi.

"Nami nilidhani umezishusha wewe," nikasema.

"Sikuzishusha. Nilikusikia unagombana langoni, nikaona nisipoteze saa."

Mke wake akainua mto, akaulaza vizuri chini ya miguu yake iliyofungwa plasta nyeupe.

"Ya leo umeikata?" mzee akaniuliza.

"Nimeikata."

"Katikati?"

"Katikati."

Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso ukutani.