Jina Nililolibadilisha, Samaki Waliooza

Harufu ilinipokea barabarani, kabla sijafika kwenye mlango wa chumba baridi. Mama mwenye samaki alikuwa amesimama nje, kitenge amejifunga puani. Ndani, katoni zilikuwa zimelegea na maji ya rangi ya kahawia yalitiririka kwenye saruji. Nilitapika ukutani.

"Mulisema machine itanipigia message," alisema. "Minye sikupata hata moja. Ijumaa courant ya umeme ilikatika, ikarudia, frigo haikuwaka tena. Ona sasa."

Programu yetu ilikuwa na kazi moja tu: kusoma kipimajoto cha chumba kile, na joto likipita kikomo, kumtumia ujumbe kwenye simu. Tulikuwa watu watatu katika ofisi ndogo katikati ya Likasi, na tulihudumia wenye vyumba baridi hadi Kakanda. Niliketi juu ya kreti iliyopinduliwa, nikafungua faili la mipangilio kwenye kompyuta ya mama. Kikomo kilikuwepo, kimeandikwa vizuri: seuil_max, nyuzi kumi chini ya sifuri.

Hapo nikajua.

Mimi ndiye niliyekuwa nimebadilisha jina hilo. Niliona seuil_max, Kifaransa cha "kikomo cha juu", ni jina bovu, halisemi kikomo cha nini, nikaliita temperature_max ndani ya programu. Alhamisi tulituma toleo jipya kwenye mashine za wateja wote, lakini mafaili yao ya mipangilio yalibaki yale yale. Programu ilitafuta jina jipya, haikuliona, ikachukua thamani ya kawaida, ile inayotumika mteja asipoandika yake: nyuzi ishirini na tano, kwa sababu hapo mwanzo tuliiandika kwa ajili ya vyumba vya kompyuta. Jina la zamani ililipita bila neno. Chumba cha mama kilipanda hadi nyuzi kumi na tisa, na kwa programu yetu mambo yalikuwa shwari.

Nilimwambia ukweli.

"Weye ndjo ulibadirisha jina? Juu ya nini?"

"Nilitaka lieleweke vizuri, mama."

"Lieleweke na nani?"

Wafanyakazi wake walikuwa wakibeba katoni kwenda kwenye shimo walilotia chokaa.

Ofisini, chef, mkuu wetu, alinisikiliza huku akila mkate. "Ni kosa yake," alisema. "Tuliandikia ba clients bote, jina imebadirika. Asome."

"Tuliandika siku ile ile tulipotuma toleo, chef. Na barua ina kurasa nne."

"Basi, abadirishe fichier yake. Code yetu iko propre, usiichafue na mambo ya zamani."

Safi! Nguo zangu zilikuwa bado zinanuka. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi, kwa sababu wiki moja kabla ningesema maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Nilikaa mezani bila kumwomba ruhusa. Niliandika ndani ya programu kwamba kama jina jipya halipo na la zamani lipo, programu ichukue thamani ya la zamani na itoe onyo. Yakiwepo yote mawili, jipya lishinde, na onyo litoke vilevile. Nikajaribu kwa nakala ya faili la mama: nyuzi ishirini na tano tena! Nilikuwa nimeweka ukaguzi wangu baada ya hatua inayojaza thamani za kawaida, kwa hiyo jina jipya lilionekana lipo siku zote. Nikauhamisha kabla ya hatua hiyo. Kumi chini ya sifuri ikatokea.

Kisha nikafuta kabisa ile ishirini na tano. Asiyeweka kikomo kwa jina lolote, programu ikatae kuanza na iseme sababu. Na onyo sikuliacha kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelifungua. Nililiweka pia kwenye skrini, kwa rangi ya njano: seuil_max sasa inaitwa temperature_max, bado inakubaliwa, badilisha.

Mwenzetu wa tatu, dada anayepokea simu za wateja, alisoma juu ya bega langu. "Tuma," alisema. "Chef minye nitamuambia."

Tulituma. Kesho yake simu ziliingia tangu asubuhi: njano hii ni nini? Wateja kumi na mmoja walikuwa wamekaa na kikomo cha nyuzi ishirini na tano, na ilikuwa bahati tu kwamba umeme wao haukukatika. Chef aliwaandikia wote kwamba tumewaongezea huduma mpya ya maonyo. Huduma mpya!

Nilienda kwa mama nikabadilisha mstari ule wa seuil_max kwa mkono wangu. Alisimama nyuma yangu hadi njano ilipoondoka, hakunipa hata kiti. Sakafu walikuwa wameiosha kwa dawa ya javel mara tatu, na bado ilinuka.