Kumi na Tatu za Uoga

Yule kijana nilimchukia kabla sijamaliza ukurasa wake wa kwanza, na ndiyo maana nikampa kumi na tatu.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa pale Ujiji, miaka ile boti zilipokuwa zinashusha watu kutoka Kongo ufukweni na malori yanawapeleka kambini. Mji mzima ulikuwa na hasira. Sokoni, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya maji, kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya wakimbizi, na mara nyingi halikuwa zuri. Mkuu wa idara yetu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, akaona hilo ndilo swali la insha la mtihani wa mwisho wa mwaka: "Wakimbizi ni mzigo kwa wananchi wa mkoa wetu. Jadili kwa hoja tano."

Mwongozo wa kusahihisha aliuandika mwenyewe, alama kumi na tano. Kichwa moja, utangulizi mbili, kila hoja mbili, hitimisho mbili. Mwanafunzi anaruhusiwa kukubali au kupinga. Hoja isiyo na mfano ni alama moja. Hoja iliyorudiwa kwa maneno mengine haihesabiwi tena.

Mama yangu naye alivuka kama mkimbizi kutoka Burundi akiwa na kaka yangu mgongoni, akaja kuolewa na baba, Muha wa Bangwe. Hilo shuleni walilijua wote. Mwalimu wa taaluma, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine na ambaye hakuupenda mkoa huu hata siku moja, alinipa lile bunda la karatasi huku akicheka.

"Dada, insha hizi tutaziangalia kwa jicho kali. Usije ukawapendelea ndugu zako."

Nami nikacheka. Hadi leo kicheko kile kinanikera kuliko maneno yake.

Yule kijana alikuwa anatoka Mwandiga, kichwa chake kizuri, mdomo mchafu. Aliandika kwamba wakimbizi ni wezi. Kisha kwamba ni majambazi. Kisha kwamba wana mikono myepesi. Wapakiwe kwenye boti warudishwe, na atakayebaki achomewe kibanda. Nilisoma hadi hapo nikamwona mama yangu amesimama mlangoni pa kibanda hicho. Nilitaka kuichana ile karatasi. Badala yake nikapiga vema, vema, vema, kila aya, mkono ukienda haraka nimalizane naye. Kumi na tatu. Chini nikaandika "Vizuri". Haya, mwalimu wa taaluma aje aangalie kwa jicho lake kali.

Karatasi iliyofuata ilikuwa ya binti wa mtaa wa Kasingirima, mnyamavu, hesabu na sayansi zilimshinda kabisa. Yeye alipinga. Alieleza habari za mama mmoja wa Kikongo aliyepanga chumba kwao na kumfundisha mama yake kushona, mpaka wakawa wanashona sare za shule mtaa mzima. Nilikubaliana naye neno kwa neno, na hapo hapo nikamtilia shaka. Nikaandika "mfano wa nyumbani", nikakata alama. Nikaandika "hisia", nikakata tena. Nane. Nilijisikia mwalimu wa haki kweli kweli. Ovyo kabisa.

Shule yetu ilirudisha karatasi darasani kabla ya kikao cha kupitisha matokeo. Siku iliyofuata yule binti aliingia ofisini, akanisalimia kwa sauti ya chini, akaweka mezani karatasi mbili, yake na ya kijana. Kijana alikuwa akiizungusha yake darasa zima kujisifu, hivyo kuipata hakukuwa kazi.

"Mwalimu, naomba unihesabie hoja zake."

"Wewe umekuja kusahihisha au kusoma?"

"Nimepata wastani wa arobaini na nne nukta sita. Wa chini ya arobaini na tano anakariri darasa. Baba amesema nikikariri, nakaa nyumbani." Hakulia. Alinikazia macho tu. "Masomo kumi, mwalimu. Nimepungukiwa alama nne."

Nilimwambia atoke. Nilimfokea, nakumbuka. Kisha nikauchukua mwongozo nikazihesabu hoja za kijana. Wezi, majambazi, mikono myepesi: hoja moja imevaa nguo tatu. Nikarudi kwa binti. Mwongozo ulidai mfano. Haukusema mfano utoke wapi. Na neno "hisia" halikuwamo kabisa. Nililitunga mimi.

Kumwongezea peke yangu nisingeweza. Binti aliyeandika maneno ya moyoni mwangu, nikamwongezea alama nne anazozihitaji, zisizozidi wala kupungua? Hata mimi ningejishuku. Nikasimama kikaoni, mbele ya walimu wote, nikasema nimekosea karatasi mbili na huenda zote, naomba bunda lisahihishwe upya na mtu mwingine, majina na alama zangu vikiwa vimefunikwa.

"Nilisema mimi!" mwalimu wa taaluma akapiga meza. "Damu nzito. Sasa anataka kumwokoa wa kwake."

"Soma kwanza ujue niliyempendelea ni nani," nikamjibu, "halafu ndiyo ufungue mdomo."

Palichafuka. Mmoja alisema orodha imeshakamilika, mwingine akasema mimi ni wa kuandikiwa barua ya onyo. Mkuu wa shule aliamua bunda lirudiwe, na barua nipewe. Mkuu wa idara akafunika majina na alama kwa vipande vya gazeti, akasahihisha siku mbili kwa kalamu ya kijani. Binti alipata kumi na mbili. Kijana akapata tisa. Wengine walisogea moja juu, moja chini. Niliowaharibia hasa walikuwa wale wawili.

Binti alivuka kwenda kidato cha nne na hakunishukuru. Tulipokutana njiani alipitia upande wa pili wa barabara.

Kijana alikuja. Hakupoteza nafasi yake darasani, lakini alikuja amevimba, karatasi imekunjika mkononi.

"Umeninyang'anya kwa sababu mama yako ni mkimbizi."

"Amesahihisha mzee, siyo mimi. Na hakujua ni yako."

"Najua. Nimesoma aliyoandika." Aliifungua karatasi mezani kwangu, aya ya hoja ya nne. Pembeni, kwa kijani, mzee ameandika: "Hii ni hoja nzuri na ya kweli. Alama zote mbili. Ungeanza na hii." Ilihusu shamba la baba yake. Mihogo iling'olewa na wakimbizi ikiwa michanga na miembe ikakatwa kuni msimu mmoja, na baba yake alipokwenda kushtaki hakukuwa na ofisi iliyompokea. Mdogo wake aliachishwa shule.

Nilikuwa sijawahi kuiona aya ile. Nilikuwa nimeipigia vema.

"Wewe uliisoma?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Alikuwa na miaka kumi na saba na bado aliandika kwamba mama yangu achomewe nyumba.

"Sikuisoma," nikasema.

Akaichukua karatasi yake, akaikunja taratibu mara mbili.

"Basi afadhali ungenipa sifuri," akasema, "ningejua umesoma." Akatoka bila kuaga.