Betri Aliyonipimia Shemeji

Miaka ya tisini ikielekea mwisho nilifungua ofisi ndogo ya kuchapa mjini Bomet. Mvua ya alasiri ikianza tu, stima inapotea. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameacha ukarani wa kupima majani chai akaanza kuuza vifaa vya kompyuta. Nikaona heri ninunue kwa mtu wa nyumbani.

Alinichagulia UPS ndogo, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, akapiga hesabu mbele yangu. Volti kumi na mbili mara ampea-saa saba ni wati-saa themanini na nne. Kompyuta na modemu zinakula kama wati themanini.

"Shemeji, utachapa saa nzima bila wasiwasi."

Siku stima ilipopotea, niliendelea kuchapa ripoti ya mteja kwa raha zangu. Robo saa haikuisha, kila kitu kikazima. Nilikuwa sijasevu. Niligeuza skrini nikasoma nyuma yake: peke yake ilikula kuliko kompyuta na modemu pamoja. Shemeji hakuwa ameihesabu, wala umeme unaopotea ndani ya UPS yenyewe.

Nilimwendea nikichemka. Hakubisha hata kidogo.

"Ningekuambia ukweli ungetaka ile kubwa, na kubwa sikuwa nayo."

Huyu ndiye karani aliyekuwa akimkata mama yangu kilo kwenye mizani, ati gunia ni zito na majani yana umande. Kwenye kilo za mama, hesabu ya kutoa aliijua; kwenye betri yangu akajifanya haijui.