Mama Aliyeambiwa Hana Sikio

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi mitambo kwenye studio ndogo ya kanisa pale Moshi, na nilijiona nimefika. Mashine ya kurekodia ya tepu, yenye njia nne za sauti, ilikuwa mpya, na mimi peke yangu ndiye niliyeijua. Kusema kweli nilijua nusu.

Kwaya ya parokia moja ya Kibosho ilishuka kurekodi. Asubuhi tulirekodi kinanda na waimbaji wote. Mchana ilikuwa zamu ya mama mmoja wa makamo, mkulima wa kahawa, aimbe beti peke yake huku akiisikiliza tepu kwa hedifoni. Beti hizo zilikuwa zake. Mwalimu wa kwaya alizitunga kwa ajili ya sauti yake.

"Mama, unasikia?" niliuliza kutoka chumba cha mitambo.

"Nasikia, baba."

Akaanza. Akakipita kinanda, akapaza, kisha akashuka chini yake. Mara ya pili akasogeza upande mmoja wa hedifoni nyuma ya sikio. Nikasimamisha tepu.

"Rudisha, mama! Sauti ya kinanda inavuja kwenye hedifoni, inaingia kwenye maikrofoni."

Kuvuja kulikuwa kweli. Akarudisha, akaomba radhi. Ilipofika mara ya sita nilimwambia mwalimu wake kwamba huyu hana sikio la muziki, tafuta mwingine. Sikuwa nimezima kipaza sauti changu cha kuongea na waimbaji, hivyo maneno yale yalimwingia moja kwa moja kwenye hedifoni. Akazivua taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake.

Msichana mmoja akachukua nafasi yake. Nikaacha tepu izunguke, nikaingia kumshushia maikrofoni, nikavaa hedifoni na kusema, "Moja, mbili." Sikujisikia. Kinanda na kwaya vilijaa masikioni, sauti yangu haikuwemo. Sauti za hedifoni zilikuwa na vidude vyake vya kuzungusha, mbali na vya spika zangu, na cha maikrofoni ile nilikiacha kwenye sifuri. Mimi nilimsikia yule mama vizuri kwenye spika, nikadhani naye anajisikia. Aliposogeza hedifoni alikuwa anaitafuta sauti yake mwenyewe, nami nikamkaripia.

Nikarudi, nikakizungusha kidude kile kimyakimya na kupunguza kinanda. Safari hii nilimuuliza msichana kama anajisikia yeye, nikarekebisha mpaka akaridhika. Akaimba mara moja tu, safi kabisa. Watu wakapiga makofi, yule mama akiwemo. Nafasi ya kusema ilikuwa pale. Niliona aibu, nikanyamaza, na aibu ya kunyamaza ndiyo niliyo nayo mpaka leo.

Walipokuwa wanatoka, alinifuata mlangoni.

"Nisamehe, mwanangu, nimekupotezea muda bure. Nimeshamwambia mwalimu, beti zile huyu binti aziimbe hata kanisani. Mimi nimeacha."

"Usijali, mama," nikamjibu. "Nimekusamehe."