Dada wa Jumanne na Ijumaa

Barua iliyonifanya nitafute msaidizi ilitoka kwa mama mmoja wa Machakos. Alikuwa ameagiza seti ya mtoto mchanga: shali, sweta, kofia na soksi, zote rangi ya maziwa. Aliandika hivi: "Asante kwa kifurushi chako. Kimefika salama. Mtoto ameshaanza kutambaa." Nilicheka, kisha nikaona haya. Barua yake ya kwanza nilikuwa nimeitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine thelathini hivi, nikisema nitajibu kesho.

Ilikuwa miaka ya themanini, huku kwetu Kilungu. Mume wangu alikuwa kazini Nairobi na alikuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimeacha ualimu baada ya mtoto wa nne, nikanunua mashine ya kufuma, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha. Hilo ndilo lilikuwa duka langu. Kilungu kuna baridi na umande, na mama yeyote anayejifungua huku hutafuta kitu cha kumfunika mtoto kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Kwanza niliwauzia majirani. Halafu muuguzi mmoja, mshirika wa kanisa letu, akaanza kuwaonyesha kina mama wodini, na wauguzi wenzake waliohamishwa wakabeba habari hadi Kitui, Voi na Mombasa. Barua zikaanza kuja kupitia sanduku la posta la kanisa. Kufuma nilikuwa naweza. Kufunga vifurushi na kujibu watu ndiko kulikonishinda.

Nilitangaza kwenye mkutano wa akina mama kwamba natafuta mtu wa kunisaidia asubuhi mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, siku ambazo barua zilichukuliwa posta. Awe anasoma na kuandika vizuri, na awe mtu wa mikono safi. Walikuja wasichana wawili waliomaliza shule, mmoja akitaka kujua kama kuna redio. Wa tatu alikuwa mke wa fundi wa kujenga.

Huyu nilimfahamu kwa kumwona tu. Alikuwa ameolewa kutoka upande wa Kasikeu, miaka kama kumi na miwili hivi, na hakuwa na mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye, kwa kuwa hakuwa na wa kumwitia, watu walimwita mke wa fundi. Mimi nilimwita dada, kama tunavyoitana kanisani.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini. Mwandiko wake niliupenda mara moja: mkubwa, wima, kama wa mtoto wa darasa la nne anayetaka kumfurahisha mwalimu. Hata hivyo sikumpa jibu. Mezani kulikuwa na soksi ndogo ndogo kama vidole gumba, na nilikuwa najiuliza kama ni haki kumkalisha mwanamke huyo katikati yake. Nikamuuliza vibaya kabisa.

"Dada, hii kazi ni ya nguo za watoto. Haitakusumbua?"

Akajibu, "Mwalimu, niko na miaka thelathini na nne. Nguo za watoto naziona kwenye kila kamba ya kuanika kutoka kwangu mpaka hapa. Afadhali hizi nitalipwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia aje Jumanne.

Nilimfundisha kama nilivyofundisha darasani, jambo moja kwa siku. Kwanza mikono: hakuna mafuta ya kujipaka asubuhi ya kazi, maana uzi mweupe hunywa mafuta na doa halitoki. Kisha kukagua. Unapitisha kiganja ndani ya kila soksi kutafuta pini au uzi uliolegea, kwa sababu kidole cha mtoto kikinaswa na uzi hakuna atakayejua analilia nini. Unavuta mikono ya sweta kidogo, unahesabu vipande vya seti kwa sauti, unakunja shali ikiwa nje na vidogo vikiwa ndani. Karatasi ya nailoni kwa ajili ya mvua, kisha karatasi ya kaki, kisha kamba ya katani. Anwani inaandikwa mara mbili, juu ya kifurushi na kwenye kipande cha karatasi kinachowekwa ndani, ili karatasi ya nje ikichanika posta wajue pa kukipeleka. Risiti ya posta inabanwa kwenye barua ya mteja, na barua inaingia faili, si kopo la biskuti.

Upande wa ujumbe, sheria zilikuwa chache. Kila barua isomwe mara mbili. Rangi, umri wa mtoto na siku anayotarajiwa vipigiwe mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu ajibiwe siku ileile kwamba barua yake imefika, hata kama nguo bado. Asiahidiwe tarehe kabla sijaulizwa mimi niliye kwenye mashine. Na wale waliopita dirishani au waliotuma neno kwa mdomo, neno lao liandikwe kwenye daftari vile walivyolisema.

Hiyo ya mwisho aliitii kupita kiasi. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta ameandika: "Mzee mwenye kofia ya kijani anasema sweta ya mjukuu ni kubwa, inaweza kuvaliwa na mbuzi wake, na anataka ndogo." Nilimwambia mbuzi angeweza kumwacha nje. Akasema, "Mwalimu ulisema vile walivyosema."

Kosa lake la kwanza lilikuwa la bidii. Alifunga kifurushi cha Voi kwa nguvu, mafundo matatu, kamba imezama kwenye karatasi. Baada ya wiki mbili kikarudi na barua: mteja alishindwa kufungua, akachukua wembe, wembe ukapita kamba, ukapita karatasi, ukakata shali. Alipoisoma alianza kulia kimyakimya, akavua ile leso aliyokuwa akijifunga kiunoni kazini, akaikunja.

"Unaenda wapi?"

"Si umeniachisha kazi?"

Sikuwa nimemwachisha kazi. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa nilimwonyesha kufunga na sikumwonyesha kufungua. Nilimketisha, nikampa kifurushi kingine alichokuwa amefunga siku hiyo, nikamwambia, "Wewe sasa ni mama umejifungua juzi. Mtoto yuko mkono mmoja. Fungua." Alihangaika kwa mkono mmoja mpaka akaanza kucheka huku machozi bado yapo. Tangu siku hiyo tulifunga kwa fundo la kuvuta ncha moja, na chini ya kamba tukaweka kipande cha boksi. Shali nyingine niliifuma usiku uleule, na barua ya kuomba radhi akaiandika yeye.

Alikuwa na miezi mitano kwangu ilipokuja barua ya mwalimu wa kike kutoka Matinyani, upande wa Kitui. Alikuwa ameagiza seti kamili nyeupe na kutuma hundi ya posta mapema. Kifurushi chake kilikuwa tayari mezani, kinasubiri kupelekwa asubuhi hiyo. Dada alifungua barua, akaisoma mara mbili kama nilivyomfundisha, na hakuchukua kalamu nyekundu. Akanisogezea.

"Msitume nguo. Mtoto hakukaa. Pesa kaeni nazo."

Nilisimamisha mashine. Nikasema tutamrudishia pesa yake na kumpa pole, na nikaanza kutafuta maneno kichwani, maneno yale ya kadi.

"Naomba niandike mimi," akasema.

Alichukua asubuhi nzima. Alirarua karatasi tatu. Nilipopewa nisome kabla ya kubandika bahasha, kama ilivyokuwa kawaida yetu, niliona hivi: "Dada yangu, barua yako tumepata. Nguo hatukutuma. Pesa yako inarudi, si yetu. Mimi ninayefunga vifurushi nilizika wawili, wa kwanza alikaa siku tatu, wa pili hakulia. Utaona watu wanaacha kumtaja, wanafikiri wanakusaidia. Ukitaka kumtaja kwa mtu, niandikie mimi. Nitasoma mara mbili."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Miaka yote hiyo nilidhani, kama kijiji kizima kilivyodhani, kwamba hakuwahi kushika mimba. Alinieleza baadaye kwamba alikwenda kujifungulia kwa mama yake Kasikeu mara zote mbili, kabla tumbo halijaonekana, na mara zote mbili akarudi mikono mitupu, na hakuna aliyeuliza.

"Hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza hivyo, Mwalimu. Uliuliza kama itanisumbua."

Barua ile haikufanana na yoyote tuliyowahi kumwandikia mteja. Nikaibandika mwenyewe.

Jibu lilichukua zaidi ya mwezi. Lilikuja na jina la mtoto juu kabisa, kabla ya salamu. Dada aliomba ruhusa aende nalo nyumbani. Zikafuata nyingine, na sikuzisoma, ingawa nakiri nilitamani. Nilijua tu kwamba siku ambazo bahasha yenye mhuri wa Kitui ilikuwemo, aliimaliza kazi yote kwanza ndipo akaifungua.

Mwaka uliofuata, Ijumaa moja wakati wa likizo ya shule, alisimama dirishani mwanamke mrefu aliyevaa viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Alikuwa amelala Machakos kwa shemeji yake ili afike asubuhi. Aliuliza, "Anayefunga vifurushi ni nani?" Dada alitoka nje akiwa bado na kamba mkononi. Walishikana, wakakaa hivyo.

Niliwapikia chai nikaenda shambani kung'oa magugu ambayo hayakuwepo. Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye meza ya kazi, katikati ya karatasi za kaki, mgeni akisema na Dada akiitikia kwa kichwa. Halafu mgeni akauliza kama ile seti tuliiuza. Dada akainuka. Aliinama kwenye rafu ya chini akaitoa, imefungwa vilevile na anwani ya Matinyani juu yake. Mimi nilifikiri alishaifungua zamani na kuiweka na nyingine.

Mgeni aliipakata muda mrefu. Alifungua, akatoa kofia peke yake, akaitia kifuani ndani ya sweta yake. "Hizi nyingine mpe mwenye mtoto," akasema.

Tulifuma kofia nyingine, na seti ikaenda kwa msichana mmoja wa karibu aliyejifungua bila mume na bila nguo. Dada ndiye aliyeipeleka.

Alikaa nami miaka minane. Tuligombana kuhusu rangi ya njano, aliyoona haimfai mtoto yeyote, na kuhusu maandishi yangu ya haraka ambayo alikataa kuyapeleka posta. Niliongeza Alhamisi. Kisha nguo za mitumba zikajaa sokoni, sweta nzima kwa bei ndogo kuliko uzi wangu, na barua zikapungua mpaka ikabaki Ijumaa tu. Siku niliyomwambia nafunga duka alisema tumalize kwanza kifurushi cha Mombasa, maana mama yule ana mapacha na amesubiri.

Tukamaliza. Tulikibeba pamoja hadi posta, yeye akashika risiti mkononi njia nzima ya kurudi, tukizungumza habari za mvua na bei ya mbaazi.